Laini yako inajuaje kujitambulisha bila kutaja siri yake

Kila ukionekana mtaani wewe ndo mtu wa kompyuta, kuna swali moja halikwepeki. Mtu ameacha simu kwa fundi tangu asubuhi, jioni anakuuliza kwa sauti ya chini, "eti yule jamaa anaweza kukopi laini yangu akawa anapokea meseji zangu?" Jibu fupi ni kwamba kwa laini za siku hizi hawezi, labda awe na maabara. Ila jibu fupi huwa halimtoshi mtu, na kusema kweli halitakiwi kumtosha, maana zamani kidogo ilikuwa inawezekana kabisa na kadi zilikuwa zinakopiwa. Kwa hiyo leo nataka tuingie ndani ya hicho kichipu tuone kinafanya nini pale unapowasha simu na zile alama za mtandao zinapanda.

Kwanza tuondoe vitu ambavyo watu wanadhani ndo siri. Namba yako ya simu siyo siri ya kadi, na wala haikai kwenye kadi kwa maana ya kwamba kadi ndiyo inaimiliki, namba inakaa kwenye daftari la kampuni huko kwao (tutarudi hapo mwishoni kwa sababu ndipo wezi wanapopita). Ile namba ndefu iliyochapwa nyuma ya kadi, inayoanza na 89 halafu namba ya nchi, yaani 89255 kwa Tanzania au 89254 kwa Kenya, hiyo ni namba ya plastiki yenyewe tu, kila mtu anaisoma. PIN ni kufuli la mlangoni, kadi inaikagua yenyewe na PIN haiendi popote. PUK ni ufunguo wa akiba wa kufuli hilohilo. Alama zako za vidole ulizoweka siku unasajili nazo hazimo kwenye kadi hata chembe, ziliishia kwenye usajili.

Vilivyomo na vyenye maana kwa mtandao ni viwili. Cha kwanza ni IMSI, tarakimu 15 zinazoitambulisha kadi kwa mtandao, zinaanza na namba ya nchi, 640 kwa Tanzania na 639 kwa Kenya, zinafuata tarakimu za kampuni, halafu za kwako. IMSI inasomeka, ipo kwenye faili linaloitwa 6F07 na simu yoyote ikiiomba kadi inatoa. Cha pili ni K, kwenye 2G walikuwa wanaiita Ki. Hii ni namba ya nasibu ya biti 128, baiti 16 tu, na kila kadi ina ya kwake. Ilitengenezwa kiwandani siku kadi inaandaliwa, ikaandikwa ndani ya chipu, na nakala yake ikapelekwa kwa kampuni ya simu kwenye faili lililofungwa kwa usimbaji, ikaingizwa kwenye seva yao ya uthibitisho. Basi. K ipo sehemu mbili tu duniani (au inatakiwa iwe sehemu mbili), na tofauti yake na IMSI ni kwamba kadi haina amri ya kuisoma. Siyo kwamba kuna nywila unayotakiwa kuijua ili uisome, hapana, amri yenyewe haipo. Simu yako haiijui K, haijawahi kuiona, na hata ukiifungua simu vipande vipande hutaikuta humo.

Hilo ndo linaeleza jambo ambalo wengi mmeliona bila kuliwazia, enzi zile kadi kubwa zinakatwa kwa kile kibanio au hata mkasi ili ziingie kwenye simu ya tundu dogo. Plastiki yote inatupwa, kinabaki kile kibati cha dhahabu na kichipu chini yake, na laini inashika mtandao kama kawaida.

Sasa tatizo. Mtandao unataka uhakika kwamba kadi hii kweli ndiyo yenye K fulani, lakini kati ya simu na mnara ni hewa tupu, na yeyote mwenye redio ya kufaa anasikiliza. Kadi ikiitaja K hata mara moja tu, mchezo umeisha, msikilizaji ameipata na keshokutwa ana kadi yake. Hata ikiitaja kwa kuificha kwa namna ileile kila siku bado haisaidii, maana msikilizaji atarekodi hicho kilichofichwa na kukirudia hivyohivyo bila hata kujua maana yake.

Njia waliyotumia tangu 2G ni kuuliza swali jipya kila mara. Mtandao unatunga namba ya nasibu ya biti 128, inaitwa RAND, unairusha hewani wazi kabisa bila kuificha. Simu inaichukua inaikabidhi kwa kadi. Kadi inaichanganya RAND na K ndani kwa ndani na kutoa jibu fupi. Jibu linarudi hewani, nalo wazi. Kule kwenye makao ya kampuni seva iliyo na nakala ya K imefanya hesabu hiyohiyo kwa RAND hiyohiyo, kwa hiyo tayari inajua jibu linalotakiwa. Yakilingana, kadi imethibitika. Kesho RAND ni nyingine na jibu la jana halina kazi.

Nguvu yote iko kwenye ule mchanganyiko. Unatakiwa uwe kama kinu, mahindi yanaingia unga unatoka, na hakuna mtu atakayekuletea unga umrudishie mahindi. Msikilizaji ana RAND na ana jibu, vyote viwili, na bado kupata K hana njia isipokuwa kubahatisha K moja baada ya nyingine akiona ipi inatoa jibu lile. Biti 128 ukizijaribu kwa kasi ya bilioni moja kwa sekunde, kumaliza zote ni miaka inayoandikwa kwa 1 ikifuatiwa na sifuri 22. Asubiri tu.

Maneno matupu hayanogi, twende kwenye namba zenyewe. Kadi za 3G na 4G nyingi zinatumia mchanganyiko unaoitwa MILENAGE, ambao ndani yake ni AES, ileile inayotumika kulinda tovuti na mafaili. 3GPP, umoja unaotunga viwango vya mitandao ya simu, walichapisha mifano ya majaribio ili kila mtengeneza kadi ahakikishe hesabu zake ziko sawa, na mfano wao wa kwanza una K ambayo ni ya umma, hakuna laini ya mtu inayoitumia, kwa hiyo tunaweza kuichezea bila shida yoyote. Hii hapa Python, inahitaji tu pakiti ya `pycryptodome`:

```python
from Crypto.Cipher import AES
h = bytes.fromhex
x = lambda a, b: bytes(i ^ j for i, j in zip(a, b))

K    = h("465b5ce8b199b49faa5f0a2ee238a6bc")
OPC  = h("cd63cb71954a9f4e48a5994e37a02baf")
RAND = h("23553cbe9637a89d218ae64dae47bf35")

E = AES.new(K, AES.MODE_ECB).encrypt
temp = E(x(RAND, OPC))
out2 = x(E(x(x(temp, OPC), h("00"*15 + "01"))), OPC)

print("AK ", out2[:6].hex())
print("RES", out2[8:].hex())
```

Ukiiendesha inatoa hivi:

```
AK  aa689c648370
RES a54211d5e3ba50bf
```

RES ndo jibu linalorudi hewani, baiti 8. OPC ni kiungo cha ziada cha kampuni, kila kampuni ina thamani yake ya siri inaitwa OP, na kabla ya kadi kutengenezwa OP inachanganywa na K ya kadi hiyo ndo inapatikana OPC. Kinachoandikwa kwenye kadi kwa kawaida ni OPC, OP inabaki kiwandani na kwa kampuni, ili mtu akifanikiwa kuichokonoa kadi moja asipate siri inayogusa kadi zote.

Angalia ule mstari wa `temp`. RAND inachanganywa na OPC, inapita kwenye AES yenye ufunguo K, kinachotoka kinachanganywa tena, kinapita AES mara ya pili, kinachanganywa tena ndo kinakatwa vipande. Badilisha herufi moja tu ya RAND kwenye hiyo kodi uone, RES yote inageuka, huoni hata undugu kati ya jibu la kwanza na la pili. Hapo ndo utaelewa kwa nini kukusanya majibu elfu hakumsaidii msikilizaji.

Na huyu AK je? Huyu analeta nusu ya pili ya hadithi, ambayo mimi naipenda kuliko ya kwanza.

Kwenye 2G kadi ndiyo iliyokuwa inaulizwa peke yake. Mnara hauulizwi kitu. Kadi inapewa RAND inajibu, haijui nani kauliza. Kwa hiyo mtu akisimamisha mnara feki wenye mawimbi ya nguvu karibu na wewe, simu inaufuata, mnara feki unauliza swali lolote, kadi inajibu, mnara unasema "sawa umekubaliwa" bila hata kuangalia jibu, kisha unaiamuru simu iongee bila usimbaji. Simu inatii, kwa sababu kwenye 2G anayeamua kama kuna usimbaji au hakuna ni mtandao. K imebaki salama kabisa humo ndani, ila mazungumzo yako yanasikilizwa. Yaani siri haijaibiwa na bado umeshaliwa.

3G ikarekebisha. Mtandao ukituma RAND sasa lazima utume na kitu kingine, AUTN, baiti 16 ambazo mwenye K tu ndo anaweza kuzitunga. Kwa mfano wetu uleule AUTN ni hii:

```
55f328b43577  b9b9  4a9ffac354dfafb3
```

Nimeweka nafasi makusudi zionekane sehemu tatu. Sehemu ya kwanza ni namba ya mfululizo, inaitwa SQN, imefichwa. Ya kati ni bendera mbili tatu za kiufundi, tuziache. Ya mwisho ni muhuri, baiti 8.

Kadi ikipokea inafanya hivi. Kwanza inakokotoa AK kwa K na RAND, ni ile `aa689c648370` tuliyoipata juu. Inaifanyia XOR na sehemu ya kwanza, yaani biti zinalinganishwa moja moja, zikitofautiana inaandikwa 1, zikifanana 0: 55 na aa inatoa ff, f3 na 68 inatoa 9b, unaendelea hivyo mpaka mwisho unapata `ff9bb4d0b607`. Hiyo ndo SQN. Sasa kadi inachukua hiyo SQN, hizo bendera, RAND na K, inakokotoa muhuri wake yenyewe (ni mzunguko mwingine wa AES, sijauweka kwenye kodi ili isirefuke), na kwa mfano huu lazima utoke `4a9ffac354dfafb3`. Ukilingana na uliokuja, basi aliyeuliza ana K, na mwenye K ni kampuni yangu. Usipolingana kadi inagoma, haitoi RES kabisa, inarudisha kwa simu kodi `98 62` na simu inaurudishia mtandao ujumbe wa kwamba muhuri haufai. Mnara feki hauna K, hauwezi kutunga muhuri, kwa hiyo unaishia mlangoni.

Lakini subiri, si mnara feki unaweza kurekodi RAND na AUTN halali za jana, ukazirusha leo? Muhuri ni wa kweli kabisa, K ni yenyewe. Hapo ndo SQN inafanya kazi. Kadi inakumbuka SQN kubwa iliyowahi kuipokea, na ikija ambayo imeshapita inakataa, hata kama muhuri ni mzuri kama nini. Tena haikatai kimyakimya, inarudisha kitu kinaitwa AUTS, ambacho ndani yake ina SQN yake ya sasa, imefichwa na ina muhuri wake, ili kampuni halali ikiwa imepotewa na hesabu ijipange upya. Hii inatokea kweli, kwa mfano seva ikarudishwa kwenye nakala ya akiba ya wiki iliyopita, hesabu zake zikawa nyuma ya kadi zote mtaani. Mtandao unapokea AUTS, unasogeza hesabu, unauliza upya, na mwenye simu hajui hata kama kulikuwa na mjadala.

Wanaojenga mitandao midogo ya majaribio watakuwa wanatabasamu hapa. Ukiona muhuri unakataliwa kwenye kila jaribio na una uhakika K umeiandika sawa, mara nyingi umeweka OP pale panapotakiwa OPC, au kinyume chake. Ukiona inakataliwa SQN mara moja halafu inakubali, hiyo ni afya.

Ila kuna ufa mdogo hapo ambao watafiti wa Ulaya waliuonyesha mwaka 2012, na ni mzuri kuuwaza. Kadi ina njia mbili tofauti za kukataa, ama muhuri mbaya ama SQN iliyopitwa. Tuseme mtu amerekodi RAND na AUTN zilizokuwa za kwako. Akizirusha kwa simu zote zilizopo ukumbini, za wengine wote zitasema muhuri mbaya, maana K zao ni tofauti, ila ya kwako peke yake itasema SQN imepitwa. Amekugundua kwamba upo ukumbini, na hajagusa K, hajasikia hata neno lako moja. Majibu ya hasira nayo yanaongea.

Twende safari kidogo. Umetoka Dar umeshuka Muscat, unawasha simu na inashika mtandao wa kule. Kampuni ya Oman haina K yako na kampuni yako haiwezi kuipa, ingekuwa kichekesho, K ya kila Mtanzania anayesafiri imezagaa dunia nzima. Kinachofanyika ni kwamba simu inataja IMSI, kampuni ya kule inaona 640, inauliza nyumbani, na nyumbani seva inatunga kifurushi kamili: RAND, AUTN, jibu linalotarajiwa, na funguo za muda za kusimba mazungumzo. Kampuni ya Muscat inarusha RAND na AUTN, inasubiri RES, inalinganisha na ile iliyotumiwa. Inakuthibitisha bila kujua siri yako, kwa kusahihisha mtihani ikiwa na karatasi ya majibu tu mkononi.

Hizo funguo za muda nazo zinatoka kwenye kinu hichohicho. K na RAND zikisagwa kwa namna nyingine kidogo zinatoa CK ya kusimba na IK ya kulinda ujumbe usibadilishwe njiani. Kadi inazitoa kwa simu, nyumbani zinatolewa kwa mtandao, na hewani hazipiti kabisa, pande zote mbili zimezipika kila mmoja jikoni kwake. Kwenye 4G hata hizo hazipewi mtandao wa ugenini zilivyo, zinasagwa tena pamoja na jina la mtandao husika, ili kifurushi kilichotengenezwa kwa ajili ya Oman kisitumike kwingine. Kwenye 5G wakaongeza kwamba jibu la kadi linarudi mpaka nyumbani kuhakikiwa, kwa hiyo mtandao wa ugenini hauwezi kudai kwamba uko kwake wakati umekaa zako Tandika. Na IMSI yenyewe, ambayo muda wote huu ilikuwa inaweza kutajwa wazi hewani, 5G inatoa njia ya kuifunga kwa ufunguo wa umma wa kampuni yako kabla haijatoka kwenye simu.

Sasa turudi kwa fundi wetu. Nilisema zamani ilikuwa inawezekana, ilikuwaje?

Kiwango cha 2G hakikulazimisha kinu gani kitumike, kila kampuni ilikuwa huru, lakini nyingi zilichukua mfano uliokuwepo, unaitwa COMP128. Ulifichwa, haukuchapishwa. Mwaka 1998 Marc Briceno, Ian Goldberg na David Wagner huko California waliupata, wakaukalia kitako, na wakagundua kinu kina meno mabovu. Mwanzoni mwa kusaga, baiti za K zilikuwa zinachanganyika mbilimbili na baiti mbili zinazolingana za RAND, bila kuguswa na nyingine. Kwa hiyo ukiwa na kadi mkononi unabadilisha hizo baiti mbili za RAND tu, unauliza, unabadilisha, unauliza, mpaka maswali mawili tofauti yatoe jibu moja. Huo mgongano unakwambia baiti mbili za K ni zipi, maana kwa jozi moja kuna uwezekano 65,536 tu, kompyuta inajaribu zote hujamaliza kupiga chafya. Jozi ziko 8. Ukimaliza zote una K nzima. Kwa jumla maswali kama 150,000, na kwa kasi ya kadi za wakati ule ilichukua kama masaa 8 na kisomeo cha kadi cha bei ndogo. Badala ya kubahatisha biti 128 kwa pamoja, wanabahatisha biti 16 mara nane. Juu ya hapo ikagundulika kwamba ufunguo wa muda wa kusimba mazungumzo uliotoka kwenye COMP128 ulikuwa na biti 10 za sifuri tupu kati ya 64, mtu aliupunguza makusudi, na hakuna anayeweza kuniambia hiyo ni bahati mbaya.

Ona kwamba hata hapo kadi haikuwahi kutaja K. Ilijibu maswali tu, kama kawaida yake, ila kinu kibovu kikaacha punje ndani ya unga. Kampuni zikabadilisha kinu, na nyingine zikaweka kihesabu kwenye kadi ili ikiulizwa mara nyingi mno ijiue yenyewe.

MILENAGE haina ugonjwa huo. Lakini mwaka 2015 Yu Yu na wenzake wa Chuo Kikuu cha Shanghai Jiao Tong walionyesha kwamba baadhi ya kadi za 3G na 4G zinavuja kwa njia nyingine kabisa, kupitia umeme. Chipu ikifanya AES inakula umeme kidogo zaidi au kidogo pungufu kutegemea biti inazozishughulikia, na ukiwa na osiloskopu nzuri, kile chombo cha kuchora mawimbi ya umeme, ukaipima ikijibu maswali mengi unaweza kuzichambua zile tofauti ukafika kwenye K na OPC. Kwa kadi walizozijaribu ilikuwa ni dakika 10 hadi 80. Kasoro haikuwa kwenye hesabu, ilikuwa kwa mtengeneza chipu ambaye hakuweka kinga ya kuficha ulaji wa umeme. Kwa hiyo ninaposema "labda fundi awe na maabara" namaanisha hivyo, osiloskopu, ujuzi wa kiwango hicho, na kadi yako mezani muda wote huo.

Njia ya tatu ni kuvizia ile nakala nyingine. K inazaliwa kiwandani na inasafiri mpaka kwa kampuni, kwa hiyo safari hiyo ni mahali. Februari 2015 nyaraka za siri alizovujisha Edward Snowden, aliyewahi kufanya kazi kwa majasusi wa Marekani, zilionyesha kwamba majasusi wa Uingereza na Marekani walilenga Gemalto, kampuni kubwa ya Uholanzi ya kutengeneza kadi, wakiwinda mafaili ya K yakiwa njiani kwenda kwa kampuni za simu. Gemalto ilikubali kwamba iliingiliwa mwaka 2010 na 2011 lakini ikakanusha kwamba funguo ziliibiwa kwa wingi. Mwenye K anaweza kurekodi mazungumzo hewani leo na kuyafungua baadaye kwa kusaga mwenyewe, maana RAND ilipita wazi.

Mwizi wa mtaani lakini hana haja na lolote kati ya haya, na hapa ndo narudi kwenye lile daftari la kampuni. Namba yako 07 nanihii imeandikwa humo mbele ya IMSI fulani. Ukipoteza simu ukaenda kurenew laini, wewe hupewi nakala ya kadi ya zamani, hakuna anayeweza kuitengeneza, hata wao dukani. Unapewa kadi mpya yenye IMSI yake na K yake iliyozaliwa kiwandani, na mfanyakazi anafuta IMSI ya zamani mbele ya namba yako anaweka mpya. Tendo la sekunde chache kwenye kompyuta. Mwizi anayejifanya wewe, au aliyeelewana na mtu wa ndani, anafanya hichohicho. Hakuna hesabu iliyovunjwa, muhuri unalingana, SQN iko sawa, RES ni sahihi, ila ni RES ya kadi iliyo kwenye simu yake.

Na kadi yako? Ipo kwenye simu, K yake ni nzima, inaweza kujibu swali lolote sawasawa. Tatizo hakuna tena wa kuiuliza, maana IMSI yake imeondolewa kwenye daftari. Inapojaribu kujisajili mtandao unakataa na kutaja sababu namba 2, IMSI haijulikani, na simu nyingi za Android zinakuandikia `SIM not provisioned MM#2`. Nyingine zinaandika tu kwamba hakuna mtandao. Hiyo ni tofauti na `MM#3`, ambayo maana yake mtandao umekataa kukuthibitisha, mara nyingi jibu halikulingana. Alama za mtandao zikikatika ghafla mahali ambapo jirani yako wa kampuni hiyohiyo anapiga simu vizuri, ukazima na kuwasha ikaja MM#2, na hujaenda kurenew laini popote, azima simu ya jirani upige huduma kwa wateja wafunge namba na akaunti ya pesa sasa hivi, kabla hujaanza kuitoa kadi na kuipangusa kwenye shati.